Kurekodi kaswida kwa simu kwenye chumba chenye kelele: kisa cha Mikindani

Kundi lenyewe ni la wasichana wa madrasa moja ya Mikindani: msomaji mmoja, waitikiaji sita na madufu mawili, kubwa na dogo. Maulidi yalikuwa yamekaribia, na ustadhi wao alitaka kaswida yao mpya iwafikie ndugu walioko Lindi, Masasi na Dar es Salaam kabla ya siku yenyewe. Fedha ya studio haikuwapo. Kilichokuwapo ni simu ya kawaida ya Android na chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, zile za mawe ya matumbawe: kuta nene, sakafu ya saruji, bati juu, na madirisha mawili ya mbao, moja likitazama uani na jingine likitazama barabara ya Mtwara kwenda Lindi.

Walikuwa wameshajirekodi wenyewe. Ustadhi alinitumia ile rekodi akaniomba niisafishe. "Watoto wamesoma vizuri, ndugu yangu, ni kelele tu zilizoharibu." Na kweli walikuwa wamesoma vizuri. Niliisikiliza kwa hedifoni, na kabla ya kugusa chochote nilitaka kujua kelele ni zipi, maana kila moja ina chanzo chake, na zipo ambazo zikishaingia kwenye rekodi hazitoki.

Ya kwanza ilikuwa feni ya dari, mvumo mmoja usiobadilika mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni friji la duka lililopakana na chumba kwa ukuta mmoja: linanguruma dakika kadhaa, linanyamaza, linaanza tena. Ya tatu ni barabara, yaani bodaboda na malori ya saruji. Hizo zote zinatoka nje ya kaswida, na mtu yeyote angezitaja. Lakini zilizoniumiza kichwa zaidi zilikuwa mbili nyingine. Moja ni mwangwi wa chumba, uliofanya kila neno limfuate jingine kabla halijakwisha, hivi kwamba maneno ya msomaji hayakushikika hata pale ambapo barabara ilikuwa kimya. Nyingine ilitoka ndani ya simu. Dufu kubwa lilipopigwa, sauti ya msomaji ilizama. Kisha kwenye kituo, kabla ya kiitikio kuingia, mvumo wa feni ukapanda taratibu mpaka ukajaa masikioni, na dufu lililofuata likaushusha tena.

Hiyo ndiyo tabia ya simu iliyoachwa ijirekebishe. Imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: mtu akisema kwa sauti ya chini inampandisha, akipaza inamshusha. Kwenye maongezi inasaidia. Kwenye kaswida yenye dufu inakuwa balaa, kwa sababu kila pigo ni mshindo mkubwa wa ghafla, nayo simu inashusha kila kitu, msomaji akiwamo, kisha inachukua muda kupandisha tena.

Hapo ndipo nilipomweleza ustadhi kwa nini rekodi ile haiwezi kuokolewa. Programu za kusafisha hufanya kazi kwa kujifunza kelele ilivyo, kisha kuipunguza popote inapoikuta. Kama mvumo wa feni ungekuwa na kimo kimoja wimbo mzima, ungepungua. Lakini simu ilikuwa imeupandisha na kuushusha kila baada ya pigo, kwa hiyo kipimo kilichofaa kwenye kituo hakikufaa katikati ya ubeti. Lori halitoki, maana halifanani na kitu chochote kilichotangulia. Mwangwi hautoki, kwa kuwa ni sauti ya msomaji yuleyule, imerudi tu kwa kuchelewa. Tukakubaliana wasome upya, na nguvu yote iwekwe kwenye chumba na mahali simu itakapokaa.

Umbali

Nilipofika niliuliza simu ilikuwa wapi siku ile. Ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha la barabarani, kwa sababu ndipo palipokuwa na sehemu bapa iliyoinuka. Nilipima kwa utepe wa fundi cherehani: kutoka pale hadi kwenye mkeka wa msomaji ni mita mbili na nusu, hadi kwa mpiga dufu kubwa ni mita moja, na kati ya simu na barabara hapakuwa na kitu ila ubao mwembamba wa dirisha. Simu ilikuwa karibu na kila isichotakiwa kukisikia, na mbali na msomaji.

Sauti ina kanuni yake hapa, na ndiyo iliyoamua karibu mambo yote yaliyofuata. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti inayofika moja kwa moja inapanda desibeli 6, yaani dB 6, kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukipunguza nusu tena, inapanda 6 nyingine. Feni na barabara hazipandi, kwa kuwa simu bado imo chumba kilekile. Kumsogezea msomaji simu kutoka mita mbili na nusu hadi sentimita 40 kunampa karibu desibeli 16 juu ya kelele zote, bila kuzima chochote na bila programu yoyote. Ukijaribu kupata kiasi hicho kwa kusafisha baadaye, utachubua sauti mpaka isitambulike.

Kuna watu hugeuza simu huku na huku wakitafuta upande unaosikia vizuri. Kwenye programu za kurekodi sauti za kawaida, maiki ya simu husikia pande zote karibu sawa, kwa hiyo kuigeuzia feni mgongo hakusaidii kitu cha maana. Na ina sifa moja nzuri inayosahaulika: maiki nyingi za jukwaani huongeza besi mtu anapozisogelea, ya simu haifanyi hivyo. Msomaji anaweza kuwa karibu na sauti yake ikabaki ilivyo. Hatari ya ukaribu ni pumzi tu. Herufi P na B hutoa upepo unaopiga maiki kama kishindo, na maneno kama "Rabbi" na "habibi" yamejaa kwenye kaswida. Kwa hiyo simu inakaa chini ya mdomo, si mbele yake, ili upepo upite juu.

Ilibidi pia tujue maiki yenyewe iko wapi. Kwenye simu ile kulikuwa na matundu madogo kwenye ukingo wa chini, karibu na tundu la chaji, na jingine juu, na mstari wa matundu ya spika ambao wengi huudhani kuwa ndiyo maiki. Njia ya kujua ni rahisi: anza kurekodi, kwaruza taratibu kwa ukucha kila tundu ukilitaja jina lake, "la chini kushoto", "la chini kulia", "la juu", kisha sikiliza. Lenye mkwaruzo mkubwa ndilo linalotumika. Ilikuwa la chini kulia, na kava la mpira lilikuwa limeliziba nusu. Kava tukalivua.

Wasichana husoma wakiwa wamekaa mkekani, na sikutaka kuwabadilisha, kwa kuwa mtu akisimamishwa asivyozoea pumzi yake hubadilika. Tulihitaji kitu cha kuiinua simu hadi usawa wa kifua. Ustadhi alileta ndoo ya lita 20 akaipindua. Nikampigia dufu mara moja, akasikia mwenyewe jinsi ndoo tupu ilivyoitikia. Tukaigeuza, tukaijaza mchanga, tukaweka ubao juu na taulo lililokunjwa mara nne, kisha simu ikalazwa juu ya taulo, ukingo wake wa chini ukitokeza kidogo kuelekea kwa msomaji. Taulo lile si la mapambo. Mpigo wa dufu hupita sakafuni, hupanda kwenye meza au kiti, na kuingia kwenye simu kama mshindo wa chini ambao hukuusikia chumbani. Kuiweka simu ndani ya glasi au bakuli, kama wengine wafanyavyo, kungeongeza mvumo wa chombo chenyewe juu ya sauti.

Kupanga watu

Ukiwa na maiki moja huna kitu cha kuchezesha baadaye. Uwiano kati ya msomaji, waitikiaji na madufu unapangwa kwa kuwahamisha watu, na ukisharekodiwa umerekodiwa. Hii ndiyo sababu sikumweka msomaji sentimita 15 kutoka kwenye simu, ingawa kwa upande wa kelele ingekuwa bora zaidi: waitikiaji wangebaki nyuma mno.

Tuliwapanga waitikiaji sita kwenye nusu duara, kila mmoja mita moja na sentimita 20 kutoka kwenye simu. Umbali huo ni mara tatu ya ule wa msomaji, kwa hiyo kila mmoja wao anasikika chini yake kwa desibeli 9 au 10. Lakini sauti sita zikiungana huongeza karibu desibeli 8 juu ya sauti moja. Kwa hiyo kiitikio kinakaribiana na ubeti kwa ukubwa, pungufu kidogo tu, na ndivyo kaswida inavyotakiwa kusikika. Ukiwa na waitikiaji watatu, wasogeze karibu. Ukiwa na kumi na wawili, warudishe nyuma. Kulikuwa na ukhti mmoja mwenye sauti kali iliyotoboa wenzake kwenye majaribio. Hatukumwambia apunguze, maana angeanza kujibana. Alirudi nyuma hatua moja, sauti yake ikaingia kundini.

Madufu yalichukua muda zaidi. Dufu kubwa tulilipeleka mita mbili na nusu, kutoka mita moja ya siku ile, na kwenye jaribio likasikika kama limo chumba cha pili. Tukalirudisha hadi mita mbili, likabaki na mshindo kuliko inavyofaa. Badala ya kumhamisha tena mpigaji, nilimwomba aligeuze. Dufu lina ngozi upande mmoja na limeachwa wazi nyuma, nalo hutoa sauti nyingi mbele na nyuma, na kidogo ubavuni. Ukiuelekezea simu ukingo wa fremu, mshindo unapungua huku mlio wa vidole ukibaki. Alijigeuza robo mzunguko, na hapo ndipo tulipopata dufu linalobeba mwendo bila kumfunika msomaji. Dufu dogo lilikaa palepale lilipokuwa, nyuma ya waitikiaji.

Mtu mwingine angependekeza kurekodi sauti peke yake na madufu peke yake, kisha kuunganisha. Kwa kundi hili nisingekubali. Mpigaji anamfuata msomaji anapovuta neno, na msomaji anajua ni lini avute kwa kumsikia mpigaji. Ukiwatenganisha unapata vitu viwili vilivyo sahihi visivyojuana.

Chumba, na saa

Tulichagua baada ya Isha. Alasiri watoto wamejaa uani na barabara ina watu. Baada ya Alfajiri ni jogoo. Usiku malori yapo, lakini yanakuja kwa nafasi. Upepo wa baharini ulikuwa umetulia, na hilo ni jambo la kuangalia kwenye nyumba za pwani zenye bati: bati likianza kugonga misumari yake, au mvua ikianguka, hakuna la kufanya ila kungoja.

Kwa mama mwenye duka nilikwenda mimi na ustadhi. Friji lisipofunguliwa mlango halidhuriki kwa kuzimwa nusu saa, na mama alikubali kwa moyo safi. Tukampa binti mmoja kazi ya kumkumbusha kuwasha. Feni tulikubaliana iendelee kuwaka wakati wa mazoezi na izimwe dakika moja kabla ya kurekodi, kwa sababu joto la Mikindani ndani ya chumba kilichofungwa halina mchezo, na mtu anayetokwa jasho hasomi vizuri. Dirisha la uani liliachwa wazi kidogo. Lile la barabarani lilifungwa, na godoro likasimamishwa mbele yake.

Godoro la pili lilisimama nyuma ya waitikiaji. Kabla ya kuliweka nilipiga kofi moja katikati ya chumba, na kila mtu akasikia ule mlio wa kutetemeka unaorudi mara nyingi kati ya kuta mbili zinazotazamana. Baada ya godoro na mablanketi mawili kuning'inizwa kwenye kamba upande wa pili, kwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani, kofi lilikatika mapema. Wenyeji walikuwa wameandaa khanga nyingi. Khanga moja ukutani hunywa sauti kali tu za juu na kuacha nyingine zote zirudi. Kitu chenye unene ndicho kinachofanya kazi. Tulizitumia khanga kuziba mwanya wa chini ya mlango.

Simu

Nilitumia Easy Voice Recorder, inayopatikana bure, kwa sababu inaruhusu kurekodi WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, na ina mipangilio ya kuzima urekebishaji wa sauti na uchujaji wa kelele unaofanywa na simu. Programu yoyote yenye mambo hayo mawili inafaa. Tulichagua 48 kHz, maiki moja. Dakika moja ya WAV namna hiyo ni karibu MB 5.8, kwa hiyo kaswida ya dakika sita inachukua karibu MB 35, nafasi ambayo simu nyingi zinayo. Kisha simu ikawekwa kwenye hali ya ndegeni, ili isiite, na ili mawimbi ya mtandao yasiingize ule mlio wa kukatakata.

Usiamini mipangilio mpaka ujaribu. Kwenye baadhi ya simu unazima urekebishaji na bado unaendelea. Kipimo chake ni hiki: mtu asome kwa sauti ya chini, dufu lipigwe mara moja kwa nguvu, kisha wote wanyamaze. Sikiliza kwa hedifoni kile kimya kinachofuata. Kama mvumo wa chumba unapanda polepole baada ya pigo, simu bado inajirekebisha. Kwenye simu ya ustadhi ulitulia tulipozima vyote viwili. Kama usingetulia, ningesogeza madufu mbali zaidi, maana simu inashtushwa na mshindo. Mshindo ukiwa mdogo, haishuki.

Kuhusu ukubwa wa sauti: kwenye kiitikio kikubwa kabisa, madufu yakiwa ndani, kipimo cha programu kisivuke -6 dB. Kikigusa 0 sauti inapasuka, na mpasuko hautengenezeki. Kwenye simu nyingi hakuna kitufe cha kupunguza, kwa hiyo unarudi palepale, kusogeza watu na simu.

Binti mmoja alikuwa na hedifoni za Bluetooth akauliza kama tungetumia maiki yake. Kwa kawaida zinaporekodi kwa njia hiyo hubana sauti kama ya simu ya kupiga, na uzuri wote wa juu hukatwa. Zilitufaa kwa kusikiliza tu.

Kurekodi

Feni ikazimwa, na kabla ya neno la kwanza tulikaa kimya sekunde kumi huku simu ikirekodi. Kimya hicho ndicho sampuli ya kelele iliyobaki chumbani, na bila hicho usafishaji unakosa pa kuanzia. Lazima kiwe kimya cha kweli, watu wote wakiwa mahali pao, bila mtu kukohoa wala kurekebisha ushungi.

Ubeti wa tatu lori lilipita. Niliinua mkono, wakasimama, tukangoja lipotelee, na simu ikaendelea kurekodi bila kuguswa. Nilimwomba msomaji arudie kuanzia mwisho wa kiitikio kilichotangulia, madufu yakiwa yanaendelea, na si kuanzia neno lile lililokatwa. Sababu ni ya baadaye: unapounganisha vipande viwili, mahali pazuri pa kukata ni tone moja kabla ya pigo la dufu. Mshindo wa dufu hufunika kiungo, na sikio haligundui. Ukikata katikati ya neno lililovutwa, tofauti ndogo ya pumzi itasikika hata kwa mtoto. Na kwa kuwa hakuna aliyehama mahali pake, vipande vyote viwili vina chumba kilekile na umbali uleule.

Kusafisha

Faili lilihamishiwa kwenye laptopu ya steshenari ya jirani, yenye Audacity, programu ya bure. Kwanza nilihifadhi nakala ya asili isiyoguswa. Kisha nikakata lori na kuunganisha ubeti wa tatu.

Hatua ya pili ilikuwa kuondoa mvumo wa chini kabisa. Kwenye menyu ya `Effect` kuna `High-Pass Filter`. Niliweka `80 Hz` na mteremko wa 12 dB. Umeme wetu unavuma kwenye 50 Hz, na ngurumo za malori ya mbali nyingi zimo huko chini. Sauti za wasichana zinaanzia juu ya hapo kwa mbali, hazipotezi kitu. Dufu kubwa ndilo la kuangalia: nilijaribu kupandisha hadi 120, dufu likawa jepesi kama debe, nikarudi 80.

Kisha `Noise Reduction`. Niliteua sekunde tano za kile kimya cha mwanzo, nikabonyeza `Get Noise Profile`, nikateua wimbo wote, nikafungua tena na kuweka kupunguza kwa 6 dB. Ni kidogo, na kidogo ndicho kilichotakiwa. Sampuli ichukuliwe baada ya hatua ya 80 Hz, si kabla, ili programu ijifunze kelele iliyobaki na si ile iliyokwisha ondolewa.

Ndani ya dirisha lile kuna chaguo linaloitwa `Residue`, na ningependa kila anayesafisha sauti alizoee. Linakusikilizisha kile kinachotupwa badala ya kinachobaki. Kikiwa ni mvumo mtupu, uko salama. Ukianza kusikia maneno, au mwisho wa vokali ndefu, unatupa sauti ya msomaji pamoja na kelele. Nilimwonyesha ustadhi kwa kuweka 18: kwenye `Residue` tuliweza kufuata ubeti mzima, na kwenye wimbo wenyewe miisho ya maneno iligeuka kuwa na majimaji na vilio vidogo vya chuma. Kwenye 6 kilichotupwa kilikuwa hewa ya chumba peke yake. Vokali zinazovutwa ndizo zinazoumia kwanza, kwa sababu miisho yake hufifia mpaka ikakaribia ukubwa wa mvumo na programu ikaishuku kuwa mvumo, na kaswida ni sanaa ya kuvuta vokali.

Mwisho ni ukubwa wa sauti. Vilele vya dufu vilikuwa vinazuia kupandisha kilichobaki, hivyo nilitumia `Limiter` kupunguza vilele hivyo tu kwa desibeli 3 hivi, kisha `Normalize` kupandisha wimbo wote mpaka kilele chake kifike -1 dB. Sikuongeza mwangwi wa bandia, ingawa wasichana wawili waliuomba. Mwangwi kidogo wa kuta zile za matumbawe ulikuwa umebaki hata baada ya magodoro, na ukiongeza juu yake maneno yangeanza tena kufukuzana.

Kuna pahala kwenye ubeti wa tano ambapo kengele ya baiskeli inasikika kwa mbali, chini ya kiitikio. Iliingia pamoja na maneno, na kuiondoa kungeondoa sehemu ya sauti za waitikiaji. Msomaji alisikiliza mara mbili akasema ubeti ule ndio alioupata vizuri kuliko wote, na kwa hiyo ubaki. Nilikubaliana naye.

WAV ilibaki kwa ustadhi, kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye laptopu. Ya kutuma ilitolewa MP3 ya 128 kbps, karibu MB 1 kwa dakika, na ikatumwa WhatsApp kama dokumenti. Siku ile ya kwanza walikuwa wameicheza kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti, njia inayobana sauti kwa ajili ya maongezi na kuingiza chumba cha pili juu ya cha kwanza. Kwa watakaoicheza kwenye spika kubwa za maulidi, ustadhi aliwatumia WAV yenyewe kwa njia hiyohiyo ya dokumenti.